Maji yanapotua chini ya bwawa: sakafu ya zege iwe ndefu kiasi gani?

Mvua za masika za mwaka 2024 ziliijaza Masinga hadi maji yakaanza kumwagika juu ya bwawa, na wakazi wa kingo za Tana wakaambiwa wahame. Watu wengi walitazama ukingo wa juu, pale maji yanapovuka. Mhandisi wa mabwawa angetazama chini, mahali yanapotua, kwa sababu hapo ndipo mto unaweza kuanza kulichimba bwawa kwenye msingi wake.

Suala hili haliwahusu wa Masinga peke yao. Mito inayotoka Mlima Kenya upande wa kusini-mashariki, ikipita maeneo ya chai na kahawa ya Kanja na jirani zake wa Embu na Tharaka Nithi, huteremka kwa kasi na kubeba mawe. Mtu akijenga bwawa au hata banio la umwagiliaji kwenye mto wa namna hiyo, anainua maji mita kadhaa kisha anayaachia yaanguke. Kadiri yanavyoanguka, ndivyo yanavyoongeza mbio. Yakifika chini huwa utando mwembamba, wenye kasi kubwa kuliko mto wenyewe utakavyowahi kuwa nayo.

Ili yatulie, maji hayo hulazimishwa kuruka. Jambo lenyewe linaonekana kwenye karo la jikoni: bomba likifunguliwa, maji hutawanyika kwa utando mwembamba unaokimbia, halafu ghafla hunyanyuka na kuwa mazito na ya polepole, yakiacha duara kwenye bati. Mstari wa duara hilo ni mruko wa maji. Giorgio Bidone aliupima huko Turin mwanzoni mwa karne ya 19, na baadaye Mfaransa Bélanger akaupatia hesabu inayotumika hadi leo. Ndani ya mruko, maji hujiviringisha, hupiga povu na kusuguana yenyewe kwa yenyewe, na nguvu yake ya mwendo huishia kuwa joto kidogo lisilohisika kwa mkono.

Mruko wa bwawa hutengewa sakafu ya zege yenye kuta pembeni, yaani beseni la kutulizia maji. Swali la fedha ni urefu wa beseni hilo, kwa kuwa kila mita inayoongezwa ni zege na nondo.

Tuchukue bwawa la kubuni lenye vipimo vya kawaida. Mafuriko yanayotarajiwa ni mita za ujazo 60 kwa sekunde, na njia ya kumwagia ina upana wa mita 12, kwa hiyo kila mita ya upana inapitisha mita za ujazo 5. Kutoka uso wa maji bwawani hadi sakafu ya beseni ni mita 8. Tukiacha msuguano kando, maji yatafika chini kwa kasi ya mita 12.2 kwa sekunde, kama kilomita 44 kwa saa, yakiwa na kina cha sentimita 41 tu.

Kutokana na viwili hivyo, kasi na kina, hupatikana namba ya Froude, F, inayopima jinsi maji yanavyokimbia kuliko wimbi dogo lingeweza kutembea juu yake. Hapa ni 6.1. Ikiwa chini ya 1 hakuna mruko. Kati ya 2.5 na 4.5 mruko huyumbayumba na kupeleka mawimbi mbali kwenye kingo, hali ambayo wahandisi huikwepa wakiweza. Kwa 6.1 mruko ni thabiti, na kina cha maji baada yake kinatoka kwenye hesabu ya Bélanger, ambapo y1 ni kina kabla ya mruko na y2 ni kina baada yake:

y2 = (y1/2) × (√(1 + 8F²) − 1)

Jibu ni mita 3.33.

Hapa wengi hukimbilia urefu: vipimo vya maabara vya Bureau of Reclamation ya Marekani, vilivyochapishwa katika miaka ya 1950, vinaonyesha kwamba kwa namba kama hii mruko huchukua takriban mara 6.1 ya kina cha baadaye, yaani mita 20. Lakini kabla ya kumwaga zege kuna swali lingine: je, mto wenyewe utakuwa na kina hicho cha mita 3.33 siku ya mafuriko? Ni mto unaousukuma mruko urudi nyuma ubaki mahali pake. Tuseme vipimo vya mto vinaonyesha mita 2.4 tu. Basi mruko utasukumwa kutoka kwenye zege na kwenda kuchimba kokoto na udongo, hata kama beseni lina mita 20 kamili.

Dawa ni kushusha sakafu. Mtu angedhani kuishusha sentimita 93, ambazo ndizo pengo, kunatosha. Hakutoshi, maana ukishusha sakafu umeongeza pia mwanguko, maji yanafika kwa kasi zaidi, na kina kinachotakiwa kinapanda. Hesabu hurudiwa. Kwa kushusha mita 1.1, mruko unahitaji mita 3.47 na mto unatoa 3.5. Beseni linakuwa na urefu wa mita 21. Ndani yake, karibu asilimia 60 ya nguvu ya maji hupotea, sawa na megawati 3.3 mfululizo, muda wote mafuriko yanapopita.

Mita 21 zinaweza kufupishwa. Ukipanga meno ya zege mwanzoni mwa beseni, safu ya vizuizi katikati na kizingiti mwishoni, majaribio yaleyale ya Marekani yanaruhusu urefu wa takriban mara 2.5 tu ya kina, kama mita 9. Inavutia. Hata hivyo ruhusa hiyo ina mipaka ya kasi, karibu mita 15 hadi 18 kwa sekunde, kwa sababu juu ya hapo mapovu yanayopasuka kwenye kingo za vizuizi huimega zege. Kwa mito ya mlimani inayobururuta mawe, mwandishi huyu angelipia zege la ziada: jiwe likigonga kizuizi mara elfu, kizuizi huvunjika, na beseni fupi lisilo na vizuizi si beseni tena.

Mahali pengine hakuna beseni kabisa. Kariba, iliyokamilika mwaka 1959 kwenye mto Zambezi, hurusha maji hewani yatue kwenye mwamba. Mwamba ulichimbika hadi shimo la karibu mita 80, na kazi ya kulisawazisha ikaanza mwaka 2017.

Beseni lililopimwa vizuri pia linaweza kuharibika bila kuguswa. Bwawa hukamata mchanga, na maji yanayotoka safi huchota mchanga mwingine upande wa chini. Wavuna mchanga nao wakiongeza kuchota, kitanda cha mto hushuka. Katika mfano wetu, nusu mita ikishuka, mto unatoa mita 3.0 badala ya 3.5. Dalili hujitokeza wakati wa mafuriko: povu jeupe linavuka kizingiti cha mwisho, na maji yakipungua shimo linaonekana nyuma yake. Mawe yaliyosagika kuwa mviringo ndani ya beseni ni dalili nyingine, kwamba mikondo ya kurudi inayavuta na kuyazungusha juu ya zege. Ukarabati wa kawaida ni kujenga kizuizi cha mawe yaliyofungwa kwa waya kuvuka mto mita kadhaa chini zaidi, ili maji yapande tena hadi 3.5.