Mama Rehema Hakatai Bila Sababu

Meneja mauzo anavuta kiti katikati ya chumba, anakunja mikono na kumwambia kijana aliyeajiriwa juzi: "Haya, mimi ni mteja. Niuzie." Kijana anaanza kuisifu sabuni. Meneja anasema ni ghali. Kijana anasifu tena. Meneja anasema hana hela, kisha hana nafasi dukani, kisha jirani anauza kwa bei ya chini. Wenzake wanacheka, kijana anatoka jasho, na baada ya dakika tano meneja anamaliza: "Umeona? Soko ndivyo lilivyo."

Nimekaa katika vyumba vya namna hiyo mara nyingi, na mara ya kwanza aliyekuwa akitoka jasho ni mimi. Lakini soko sivyo lilivyo. Mwenye duka hakatai kwa sababu amepewa kazi ya kukataa. Anakataa kwa sababu droo ina fedha kidogo na kesho analeta unga, au kwa sababu mtu wa mauzo aliyepita alimwachia mzigo uliokaa rafuni hadi ukapata vumbi. Meneja hana droo wala rafu, kwa hiyo hakuna swali ambalo kijana angeuliza likamfikisha popote. Anachojifunza ni kwamba mauzo ni kubishana na mkubwa.

Zoezi la kuigiza linaanza kufundisha pale mnunuzi anapokuwa na maisha yake. Madaktari waliligundua hili zamani. Mwaka 1963 Howard Barrows, daktari wa mishipa ya fahamu katika Chuo Kikuu cha Southern California, alimfundisha mtu mwenye afya kuigiza mgonjwa: dalili zake, historia yake, na namna atakavyojibu akipimwa. Hivyo wanafunzi wengi waliweza kupimwa kwa mgonjwa mmoja asiyebadilika. Sisi tunaouza sabuni na juisi tunaweza kuazima wazo hilo bila aibu.

Kinachohitajika kwanza ni kadi ya mnunuzi, ukurasa mmoja tu. Nitaeleza ile ninayoitumia sana, ya duka la rejareja la mtaani Dar es Salaam. Jina na tarakimu ni za zoezi, ila mambo yenyewe yameokotwa madukani. Kabla ya kuiandika nilikaa kwenye mabenchi ya maduka matatu asubuhi nzima nzima, nikisikiliza watu wa mauzo wanavyoingia na kutoka.

Mama Rehema ana duka dogo lenye nondo mbele, karibu na bomba la maji. Anayocheza muuzaji anaambiwa hayo tu, pamoja na bidhaa aliyobeba: katoni ya sabuni ya unga yenye pakiti 24, bei ya jumla shilingi 36,000, na kila pakiti huuzwa 1,800 rejareja. Anaambiwa pia kwamba kampuni hairuhusu mali kauli kwa duka jipya. Mengine yote yako upande wa pili wa kadi, na huo anausoma mnunuzi peke yake.

Upande huo unasema kwamba droo ina shilingi 50,000, lakini 30,000 ni za unga wa kesho asubuhi, na hazigusiki. Unasema pia kwamba mwaka jana mtu wa kampuni hiihii alimwachia katoni mbili, akaahidi kurudi kubadilisha zisipotoka, na hakuonekana tena. Chini yake kuna maagizo, na hapa ndipo kadi nyingi zinapopwaya. Habari ya katoni mbili haisemwi mpaka muuzaji aulize kama sabuni hii imewahi kuuzwa hapo. Habari ya unga haisemwi mpaka aulize mama analeta mizigo siku gani. Akitaja bei kabla ya kuuliza lolote, mama anajibu "ghali" na kuanza kupanga viberiti. Akiuliza vizuri, mama analegea, maana mtu akisikilizwa hulegea. Mwisho wa kadi umeandikwa mpaka wake: anaweza kununua nusu katoni kwa fedha taslimu, hawezi kununua katoni nzima hata angebembelezwa vipi. Na lazima, wakati fulani, aseme: "Niachie mzigo, upite Ijumaa."

Mpaka huo unamlinda kijana dhidi ya mnunuzi mkaidi, na unalilinda zoezi dhidi ya mnunuzi mwenye huruma anayenunua kila kitu ili mwenzake asiaibike. Wote wawili wanaharibu.

Chumba nacho kipangwe. Muuzaji anasimama, mnunuzi anakaa nyuma ya meza, na katikati ya mazungumzo mtu wa tatu anakuja kama mtoto aliyetumwa kiberiti. Duka la kweli halifungwi ili kumsikiliza mtu wa mauzo. Kijana anayeendelea kuongea huku mama akitafuta chenji ameshaonyesha jambo ambalo hotuba yake haiwezi kulifuta. Dakika nane zinatosha kwa duru moja.

Karatasi ya alama ndiyo inayonipa kazi zaidi kuliko kadi. Nyingi nilizokutana nazo zina maneno kama "kujiamini", "mawasiliano" na "uchangamfu", kila moja kwa alama moja hadi kumi. Hayo hayapimiki. Mwaka 1920 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Thorndike, alionyesha kwamba makamanda waliotathmini maofisa wa jeshi, wakivutiwa na mtu kwa jambo moja, walimpandisha na kwa mengine yasiyohusiana nalo. Kwetu ni vilevile: kijana mwenye sauti nzuri na shati lililonyooka anapata nane za uchangamfu, kisha nane za kusikiliza, hata kama hakusikiliza neno.

Dawa yake ni kuandika tendo badala ya tabia, na kueleza kila alama inaonekanaje. Karatasi yangu ina mistari mitano, kila mmoja kwa sifuri, moja au mbili. Mstari wa kwanza ni kuingia: je, alisalimu na kuwapisha wateja? Wa tatu ni kama alieleza faida kwa hesabu ya duka, wa nne ni alivyolijibu pingamizi, na wa tano ni kama aliondoka na jambo mahususi, yaani kiasi, malipo na siku ya kurudi. Wa pili, wa kuuliza, ndio ninaoutazama kwa makini kuliko yote. Sifuri ni kwa aliyetaja bidhaa kabla ya kuuliza habari za duka. Moja ni kwa aliyeuliza lakini jibu likamponyoka. Mbili ni kwa aliyeuliza, kisha akalitumia jibu alipopendekeza oda. Mtazamaji haruhusiwi kutoa alama bila kuandika pembeni maneno yaliyosemwa.

Hakuna mstari wa "ameuza". Wapo mameneja wanaoshangaa, lakini kijana anaweza kufanya kila kitu sawasawa na mama asinunue, na mwingine anaweza kuuza katoni nzima kwa kuvunja masharti. Ndiyo maana mali kauli ina kisanduku chake chini kabisa, nje ya jumla. Akikubali kuacha mzigo bila kulipwa, kisanduku kinatiwa alama, na hakuna uzuri wa salamu unaoweza kukifidia. Nilijaribu zamani kupunguza alama mbili badala yake. Matokeo yake, kijana aliyeacha katoni kwa ahadi ya Ijumaa alipata nane juu ya kumi na akatoka akitabasamu.

Tuone duru moja. Kijana anafika. "Shikamoo mama." "Marahaba, mwanangu, karibu." Mtoto anaingia, kijana anasogea pembeni. Kuingia: mbili. Kisha anauliza, "Mama, sabuni ya unga inatoka hapa?" "Inatoka." "Hii yetu umewahi kuiuza?" Mama anasimulia mkasa wa katoni mbili. Hapa kijana anasema, "Pole sana mama," halafu bila kuvuta pumzi: "Sasa hii ni mpya, ina povu jingi." Ameuliza na amejibiwa, lakini jibu limepita. Mtazamaji anaandika "povu jingi" na kutoa moja.

Anaendelea vizuri: "Kila pakiti unapata mia tatu." Hesabu ni sahihi, maana 36,000 kwa pakiti 24 ni 1,500 kila moja, na inauzwa 1,800. Mbili. Mama anasema, "Niachie, upite Ijumaa." Kijana anasema kampuni hairuhusu, akanyamaza. Hakuacha mzigo, kwa hiyo kisanduku kiko wazi, ila pingamizi limebaki mezani: moja. Anaaga kwa "nitapita tena." Siku gani? Hakusema: sifuri. Jumla ni sita.

Baada ya duru, anayeanza kusema ni muuzaji mwenyewe, kabla hajasikia ya wengine. Kisha mnunuzi anageuza kadi na kuisoma kwa sauti. Ni wakati wa kimya. Kijana anagundua kwamba fedha ya nusu katoni, shilingi 18,000, ilikuwa droo muda wote, na kwamba swali moja tu kuhusu siku za mzigo lingeifichua. Mtazamaji anasoma maneno aliyoyaandika, si maoni. Halafu, na hili husahaulika kwa sababu chai imefika, wanarudia palepale alipoteleza, dakika tatu tu. Safari hii mama anaposimulia mkasa, kijana anasema: "Basi mama, tuanze na nusu katoni. Naandika hapa kwamba napita Alhamisi ijayo, na pakiti zisizotoka nabadilisha."

Zoezi huharibika kwa njia ninazozijua sasa. Vijana wa asubuhi huwanong'oneza wa mchana kuhusu unga wa kesho, kwa hiyo kadi iwe na matoleo matatu: katika moja fedha imetengwa kwa mchezo, katika jingine anayeamua manunuzi ni mume aliye safarini. Anayeigiza naye huchoka, na kufikia duru ya sita amekuwa mkali au mlegevu kuliko kadi, kwa hiyo abadilishwe baada ya nne. Watazamaji wawe wawili, na watoe alama kabla ya kuzungumza. Wakitofautiana kwa mstari uleule mara kwa mara, kosa liko kwenye maelezo ya mstari, yaandikwe upya. Na kundi zima likipata tisa na kumi, kadi imekuwa laini.

Kuna kitu ambacho chumba hakikipi: jua, na duka la thelathini siku hiyo. Kwa hilo, kijana aende mtaani na mwenyeji.

Mmoja wa wenye maduka niliokaa kwenye mabenchi yao aliomba kuiona kadi. Aliisoma taratibu, akacheka alipofika kwenye neno "ghali". "Hivi sisi husema hivyo? Mtu nisiyetaka mzigo wake namwambia 'nitakuambia'." Nikafuta "ghali", nikaandika alivyosema. Juma lililofuata vijana wanne kati ya saba walisikia "nitakuambia", wakashukuru, wakaandika kwenye daftari kwamba mteja amekubali.