Mwanafunzi muuguzi aliyeanguka wadini aandikaje rufaa?

Mwanafunzi wa uuguzi anapoanguka katika tathmini ya vitendo wadini, pigo lake si la alama pekee. Huenda akabaki nyuma wenzake wakiendelea na mtihani wa Baraza la Wauguzi la Kenya, na mzazi akalazimika kutafuta karo ya muhula mwingine. Ndiyo maana barua nyingi za rufaa hujaa vilio. Kwa bahati mbaya, kilio hakiipi kamati ya mitihani jambo lolote la kuchunguza.

Tuchukue mfano wa kubuni wa binti anayeishi mtaa wa Mowlem, Nairobi, anayesomea stashahada ya uuguzi. Alitahiniwa kusafisha na kufunga kidonda cha mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji. Alinawa mikono, akatayarisha toroli, akaondoa bendeji kuukuu na kusafisha kidonda. Kabla hajakifunga, daktari mpasuaji aliwasili katika ziara yake ya asubuhi, akaagiza kidonda kiachwe wazi akikague, kisha mgonjwa akapelekwa chumba cha upasuaji.

Majibu yalipotoka alikuwa na alama 46, ilhali za kufaulu ni 50. Kwenye fomu ya tathmini, hatua tatu za mwisho zilikuwa na sufuri: kufunga kidonda, kutupa taka na kuandika katika faili la mgonjwa. Kwa jumla hatua hizo zilikuwa na alama tisa.

Hapo ndipo penye rufaa. Kamati haina njia ya kurudia asubuhi ile na kuamua iwapo binti alishika koleo vyema. Hayo ni maamuzi ya kitaaluma ya mtahini, na hata mahakama husita kuyaingilia. Lakini inaweza kuchunguza kama mtahiniwa alipewa nafasi ya kukamilisha kazi aliyopimwa. Barua yake basi ingesema hivi:

"Naomba tathmini yangu ipitiwe upya. Saa tatu na nusu asubuhi, daktari aliagiza kidonda cha mgonjwa wa kitanda cha 14 kiachwe wazi. Kwa sababu hiyo sikuweza kutekeleza hatua tatu za mwisho, ambazo nimepewa sufuri. Naomba kamati ilinganishe fomu ya mtahini na maandishi ya daktari katika faili la mgonjwa. Hatua hizo zikiondolewa, nimepata 46 kati ya 91. Iwapo kanuni haziruhusu hesabu hiyo, naomba kutahiniwa tena na mtahini mwingine."

Barua hiyo haimtaji mgonjwa kwa jina wala haikuambatanishwa na nakala ya faili lake. Mwanafunzi anayepiga picha faili la mgonjwa ili ajitetee hujiletea kosa zito kuliko lile analolilalamikia, kwani siri ya mgonjwa ni msingi wa kazi yenyewe. Anachoruhusiwa ni kuonyesha ushahidi uliko, kamati ikautafute. Vilevile, barua haidai kwamba mtahini anamchukia. Dai la chuki bila ushahidi hugeuza kikao kiwe cha kumtetea mwalimu.

Hesabu ya 46 kati ya 91 inapita nusu kidogo tu, na chuo kinaweza kuikataa kwa hoja kwamba muuguzi hawezi kusemekana amemudu kufunga kidonda ambacho hakukifunga. Hoja hiyo ina uzito. Kwa hivyo ombi la kutahiniwa upya ndilo lenye matumaini zaidi, na si busara kuliacha.

Je, chuo kikikataa kuonyesha fomu? Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu aliyeathiriwa na uamuzi wa kiutawala haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sheria ya mwaka 2015 iliyotungwa kukitekeleza inaruhusu mwathiriwa kuomba sababu na stakabadhi zitakazomsaidia kukata rufaa, na inampa mwenye mamlaka miezi mitatu kutoa sababu hizo. Akinyamaza, uamuzi huchukuliwa kuwa ulifanywa bila sababu njema, isipokuwa ithibitishwe vinginevyo. Sheria hiyo pia humtaka mlalamishi amalize kwanza njia za rufaa za ndani kabla ya kwenda kortini.

Lakini miezi mitatu ni mingi kwa mwanafunzi, na kanuni za chuo huweka muda wake wenyewe wa kukata rufaa, ambao mara nyingi huhesabiwa kwa siku. Binti wa Mowlem angewasilisha barua mara moja, huku akiomba nakala ya fomu katika barua hiyo hiyo, na kuhifadhi nakala yake iliyopigwa muhuri wa tarehe katika ofisi ya mkuu wa chuo.