Nani Anazama Zaidi? Rekodi Sita za Kwiksoti

Tony Hoare alibuni algoriti ya kwiksoti alipokuwa Moscow, akitafuta njia ya kupanga maneno kwa ajili ya kazi ya kutafsiri kwa mashine. Aliichapisha mwaka 1961. Inachagua namba moja kuwa mhimili, inahamishia ndogo upande mmoja na kubwa upande wa pili, kisha inajiita yenyewe kwa kila upande. Watu wengi hushindanisha algoriti za kupanga kwa kasi. Hapa tunashindanisha kina: ni wito ngapi huwa wazi kwa wakati mmoja, na ni nini kinachofanya programu ianguke.

Inayozama kuliko zote: orodha iliyokwisha kupangika

Chukua namba milioni 1 ambazo tayari zimepangwa kutoka ndogo hadi kubwa, kisha tumia kwiksoti ya vitabu vya mwanzo, ile inayochukua namba ya mwisho kuwa mhimili. Namba ya mwisho ndiyo kubwa kuliko zote, kwa hiyo kushoto zinabaki 999,999 na kulia hakuna kitu. Funksheni inajiita kwa hizo 999,999, nayo inajiita kwa 999,998, na hakuna wito hata mmoja unaofungwa kabla ya kufika chini kabisa. Kina kinakaribia milioni 1. Orodha ambayo namba zake zote ni sawa inaweza kuleta balaa hilohilo, ikiwa ugawaji unapeleka zinazolingana na mhimili upande mmoja.

Kila wito ulio wazi unakalia sehemu ya steki, yaani eneo la kumbukumbu linalotunza anwani ya kurudia, mipaka ya sehemu inayopangwa na mahali mhimili ulipoangukia. Tuseme kila wito unachukua baiti 48. Wito milioni 1 utahitaji baiti milioni 48.

Ukuta ulio karibu zaidi

Steki ina mwisho. Kwenye Linux, steki ya programu kwa kawaida ni megabaiti 8. Amri `ulimit -s` itakuonyesha `8192`, yaani kilobaiti. Kwa baiti 48 kila wito, nafasi inaisha karibu na wito wa 174,700. Kwenye Windows kiwango cha kawaida ni megabaiti 1, na safari inaishia karibu na wito wa 21,800. Python haisubiri hata steki ijae: kikomo chake cha kawaida ni wito 1,000, kisha inatoa `RecursionError`.

Chini ya steki mfumo huacha ukurasa wa kumbukumbu usioruhusiwa kuguswa. Wito unaovuka mpaka ukigusa hapo, mfumo unaiua programu papo hapo, na kwenye Linux unachokiona ni `Segmentation fault` tu. Ujumbe huo hautaji steki, ndiyo maana wengi huanza kutafuta kosa kwenye faharasa za orodha.

Alama ya kweli utaiona ukifungua kitatuzi cha `gdb` na kuandika `bt`. Funksheni ileile inajirudia mstari kwa mstari, `lo` ikibaki 0 na `hi` ikipishana kwa moja tu kati ya mstari na mstari. Katika mfano wetu, mstari wa juu kabisa utakuwa na `hi` ya karibu 825,000. Alama nyingine ni kwamba programu haianguki mara moja. Kufika kina hicho kunahitaji ulinganishaji wa takriban mara bilioni 160, kwa hiyo inasota kwanza, ndipo inaanguka.

Tiba fupi kuliko zote

Dawa ni kujiita kwa sehemu ndogo tu, na kuishughulikia sehemu kubwa ndani ya kitanzi kilekile, bila kufungua wito mpya. Hoare mwenyewe alieleza wazo la kuahirisha sehemu kubwa katika makala yake ya mwaka 1962.

```c
void panga(int a[], int lo, int hi) {
    while (lo < hi) {
        int p = gawa(a, lo, hi);
        if (p - lo < hi - p) {
            panga(a, lo, p - 1);
            lo = p + 1;
        } else {
            panga(a, p + 1, hi);
            hi = p - 1;
        }
    }
}
```

Nguvu yote iko kwenye ule mstari wa `if`. Sehemu ndogo haiwezi kuzidi nusu ya ile iliyogawanywa, kwa hiyo kila wito mpya unapokea chini ya nusu ya alichokuwa nacho aliyeuita. Ukianza na 1,000,000, wito wa pili hauwezi kupata zaidi ya 499,999, wa tatu 249,999, wa nne 124,999. Endelea hivyo na wito wa 19 utakuwa na namba 2, wa 20 hauna kitu. Hakuna mpangilio wa namba duniani unaoweza kuvuka hapo. Wito 20 wa baiti 48 ni baiti 960.

Kitanzi peke yake hakitoshi. Ukikiweka lakini ukajiita kwa upande wa kushoto siku zote, orodha iliyopangika itakuzamisha vilevile, kwa sababu sehemu kubwa ndiyo iliyo kushoto. Usimtegemee kompaila pia. Anaweza kuugeuza wito wa mwisho wa funksheni kuwa kitanzi, lakini katika kwiksoti ya kawaida unaozama hapa ni wito wa kwanza.

Kina kifupi kuliko vyote

Hapa mambo yanageuka. Ipe funksheni hii ileile orodha iliyopangika, ile iliyoshika rekodi ya kuzama. Sehemu ndogo kila mara ni tupu: wito unafunguliwa, haukuti kazi, unafungwa hapohapo. Steki haibebi zaidi ya wito mbili kwa wakati mmoja. Anayefika wito wa 20 ni mgawanyo wa nusu kwa nusu, ule ambao kwa upande wa kasi ndio bora kuliko yote. Kanuni hii inafanya ugawaji mbaya uwe na kina kidogo, na ugawaji mzuri ndio unaoweka kikomo cha juu.

Steki ndogo inayotosha orodha yoyote

Ukishajua kikomo, unaweza kutenga nafasi kabla kazi haijaanza. Ndivyo ilivyofanya kwiksoti iliyokuwamo kwa miaka mingi katika maktaba ya glibc. Haikujiita kabisa. Ilikuwa na steki yake ndogo, ikisukuma humo mipaka ya sehemu kubwa na kuendelea na ndogo. Nafasi zake zilikuwa `CHAR_BIT * sizeof(size_t)`, ambazo kwenye mashine ya biti 64 ni 64 tu. Kila nafasi ilibeba anwani mbili za baiti 8, kwa hiyo steki nzima ilikuwa baiti 1,024. Idadi ya vitu haiwezi kuzidi kile kinachohesabika kwa biti 64, na kugawa kwa nusu hakuwezi kurudiwa zaidi ya mara 64.

Polepole kuliko zote, ingawa haianguki

Kanuni hii inaokoa steki, haiokoi muda. Ile orodha iliyopangika bado inadai ulinganishaji wa mara 499,999,500,000. Mashine inayofanya bilioni 1 kwa sekunde itatumia zaidi ya dakika 8. Kuchagua mhimili kwa bahati nasibu, au kuchukua wa katikati kati ya namba tatu, kunasaidia kwa orodha za kawaida. Hata hivyo, mwaka 1999 Doug McIlroy alionyesha jinsi ya kutengeneza ingizo linaloipotosha kwiksoti huku ikipanga, likizishinda hata mbinu kama hiyo ya namba tatu. Jibu lilikuwa tayari limetolewa na David Musser mwaka 1997: introsoti, inayohesabu kina cha ugawaji; kikizidi takriban mara mbili ya logi ya idadi kwa kizio cha 2, sehemu iliyobaki inapangwa kwa hipusoti, ambayo haina hali mbaya ya namna hiyo.

Kama una kwiksoti uliyoiandika mwenyewe, ipime. Bana steki kwa `ulimit -s 256`, kisha ipe namba 20,000 zilizopangika, ukiziweka nje ya steki. Ile inayozama itaanguka chini ya sekunde chache. Inayoanza na sehemu ndogo itamaliza, na ukihesabu kina chake kwa orodha yoyote ya ukubwa huo hutakuta zaidi ya wito 15.