Ruta ya Steshenari na Namba Mbili za DNS

Dirisha la maombi ya mikopo ya elimu ya juu likifunguliwa, vijana huteremka kutoka Vudee, Chome na Mamba hadi kwenye steshenari za Same mjini. Huko hujaza fomu za HESLB, hutazama matokeo kwenye tovuti ya NECTA, na wengine hufungua barua pepe yao ya kwanza. Kompyuta za duka, pamoja na simu za wateja walioomba nywila ya waifai, zote hupitia ruta moja iliyowekwa juu ya kabati. Ruta hiyo ikibadilishwa namba mbili tu, mteja anaweza kuandika jina sahihi la tovuti, herufi kwa herufi, na bado akafikishwa kwenye tovuti ya mwizi.

Namba hizo ni anwani za seva za DNS. Ukiandika `necta.go.tz`, kompyuta haijui tovuti hiyo iko wapi. Huiuliza seva ya DNS, nayo hujibu kwa anwani ya IP, na kivinjari huelekea huko bila kuhoji. Kwa kawaida ruta hupewa anwani za seva hizo na kampuni ya intaneti kila inapowaka. Mhalifu akiingia kwenye ruta na kuweka anwani za seva yake, tangu hapo yeye ndiye anayejibu. Machi 2020 kampuni ya usalama ya Bitdefender ilieleza shambulio la namna hiyo, ambalo ruta nyingi zilizoguswa zilikuwa za Linksys. Watu walifungua tovuti zao za kila siku, wakakutana na ujumbe uliojifanya umetoka Shirika la Afya Duniani, ukiwataka wapakue programu ya taarifa za korona. Programu yenyewe, Oski, ilikuwa ya kuiba nywila. Ndani ya ruta zao kulikuwa na DNS mbili ngeni: `109.234.35.230` na `94.103.82.249`.

Dalili inayostahili kuaminiwa kuliko zote ni onyo la cheti. Tovuti inayoanza na `https` hulazimika kuonyesha cheti cha jina lake, na mwizi aliyeteka ruta ya duka moja hawezi kukipata kirahisi, kwa sababu watoa vyeti hukagua umiliki wa jina kupitia DNS zao wenyewe, si kupitia ruta yako. Ndiyo maana kivinjari hulalamika kwamba muunganisho si salama. Anayebonyeza kitufe cha kuendelea licha ya onyo hilo ameivunja kwa mkono wake kinga pekee iliyokuwa imebaki.

Hata hivyo, onyo peke yake si ushahidi. Kompyuta ya zamani ambayo betri yake ya saa imekufa, umeme ukikatika na kurudi hujikuta imerudi miaka mingi nyuma, na vyeti vyote huonekana batili. Bando likiisha nalo, mitandao ya simu huweza kukupeleka kwenye ukurasa wa kununua kifurushi, jambo linalofanana sana na utekaji. Kwa hiyo rekebisha saa, hakikisha bando lipo, kisha fungua tovuti ileile kwa simu moja mara mbili: kwanza kwa waifai ya duka, halafu kwa bando la simu yenyewe, waifai ikiwa imezimwa. Onyo likitokea kwenye waifai pekee, tena kwenye simu zaidi ya moja, shaka yote inaangukia ruta. Intaneti kuwa nzito si dalili. Kwenye mabonde ya Upare, ambako mlima husimama kati yako na mnara, uzito huo una sababu nyingine.

Wengi hukagua mahali pasipo na jibu. Huandika `ipconfig /all` kwenye kompyuta, wakaona DNS ni `192.168.1.1`, wakaridhika. Hiyo ni anwani ya ruta yenyewe. Kompyuta inaiuliza ruta, na ruta inauliza mbele, na huko mbele ndiko kulikochezewa. Inabidi uingie kwenye ruta kwa kivinjari, kwa anwani iliyoandikwa kwenye kibandiko chake cha chini, utazame sehemu mbili: mipangilio ya `WAN` au `Internet`, kisha ya `DHCP Server`. Ukikuta DNS imeandikwa kwa mkono na hakuna mtu wa duka aliyeiandika, piga picha ya ukurasa huo. Usitulizwe na `8.8.8.8` ya Google iliyokaa kwenye `Secondary DNS`. Watekaji huiacha hapo makusudi, ili seva yao ikizimika intaneti iendelee kufanya kazi na mwenye duka asishtuke.

Baada ya hapo, fungua dirisha la amri kwenye kompyuta ya duka uulize maswali matatu:

```
nslookup whoami.akamai.net
nslookup necta.go.tz
nslookup necta.go.tz 192.0.2.1
```

Swali la kwanza hurudisha anwani ya seva iliyokuulizia kwa kweli, hata kama ruta inaificha. Itafute kwenye hifadhidata za wasajili wa anwani, kama AFRINIC inayosajili za Afrika. Ikiwa ni ya kampuni inayokuuzia intaneti, vizuri. Ikiwa ni ya Google na wewe ndiye uliyechagua Google, vizuri pia. Ikiwa ni ya kampuni ya kukodisha seva katika nchi usiyo na uhusiano nayo, umemkuta mgeni. Swali la pili lirudie kwenye kompyuta iliyounganishwa na bando la simu, ulinganishe majibu. Tofauti peke yake haihukumu, maana tovuti kubwa hujibu kwa anwani nyingi. Kinachotisha ni tovuti kadhaa zisizohusiana kurudisha anwani moja. Swali la tatu ndilo nilipendalo zaidi. `192.0.2.1` imetengwa kwa mifano ya vitabuni, na hakuna seva hapo. Jibu sahihi ni kimya mpaka muda uishe. Ukijibiwa, kuna anayedaka maswali yako njiani, awe ruta yako au mtandao wako.

Vipimo hivi vina mpaka. Aprili 2013, waliofungua `google.co.ke` walipelekwa kwenye ukurasa wa mdukuzi, ingawa ruta zao hazikuguswa. Kumbukumbu za jina hilo ndizo zilizobadilishwa, kwenye usajili wa majina ya Kenya. Uharibifu ukiwa huko juu, waifai na bando hutoa jibu lilelile la uongo.

Ukithibitisha kwamba ni ruta, usikimbilie kubonyeza kitundu cha `Reset`. Kwanza nakili `APN`, au jina la mtumiaji na nywila ulizopewa na kampuni, la sivyo duka litakaa bila intaneti mpaka fundi apatikane. Baada ya kufuta mipangilio, weka nywila mpya ya kuingilia ruta kabla ya kumuunganisha yeyote, zima `Remote Management`, sasisha programu ya ruta, kisha andika `ipconfig /flushdns` kwenye kila kompyuta. DNS ngeni ikirudi yenyewe baadaye, ruta hiyo ina tundu lisilozibika, inunuliwe nyingine. Nywila zote zilizoandikwa dukani kipindi hicho zibadilishwe kupitia mtandao mwingine. Miamala ya M-Pesa iliyofanywa kwa `*150*00#` haimo katika hatari hii, kwa kuwa haipiti kwenye ruta wala DNS.

Wenye steshenari, wapeni wateja mtandao wa wageni badala ya ule wa kompyuta zenu, na nywila ya kuingilia ruta isibaki `admin`. Mkikuta namba ngeni, wapelekeeni picha ile TZ-CERT, kitengo cha TCRA kinachoshughulikia matukio ya mtandaoni, kabla hamjaifuta ruta.