Barua pepe ya mwenye duka kwa dizaina wa tovuti

“Ukurasa ni mzuri, ahsante sana, ila naomba uupendezeshe kidogo.” Dizaina akipokea ujumbe wa namna hii hubaki kubahatisha. Atabadili rangi, ataongeza picha, atakuza nembo ya duka, na siku ya tatu mwenye duka atamwandikia tena kwamba bado. Hapo hakuna aliyemkosea mwenzake adabu. Ujumbe ulikuwa na heshima zote, ila haukusema kifanyike nini.

Tumchukue mama mwenye duka la vitenge Kariakoo, Dar es Salaam, anayeuza jumla na rejareja na kutuma mizigo mikoani. Ametengenezewa tovuti, na kuna mambo kwenye ukurasa wa mwanzo hayajakaa sawa. Kabla ya kuandika chochote, cha kwanza ni kuufungua ukurasa kwenye simu ya kawaida, kwa bando la kawaida, kwa sababu huko ndiko wateja wake waliko. Kisha ampe simu hiyo mtu ambaye hajawahi kuuona ukurasa, amwambie atafute bei ya kitenge na aagize. Yeye anyamaze tu aangalie. Kidole cha yule mtu kinapokwama ndipo penye jambo la kuandika.

Akishayakusanya hayo, barua yake inaweza kuwa hivi:

Kichwa: Marekebisho 4 ya ukurasa wa mwanzo, naomba kabla ya Ijumaa tarehe 14

Habari za kazi, kaka? Natumaini wewe na nyumbani hamjambo. Ukurasa nimeupitia kwenye kompyuta na kwenye simu. Vile ulivyopanga vitenge kwa rangi nimepapenda mno, naomba pabaki hivyo hivyo. Nina mambo manne, nimeyapanga kwa umuhimu.

1. Kitufe cha WhatsApp: nikikibonyeza kwenye simu naambiwa namba si sahihi. Namba ya duka ni ile niliyokupa kwenye makubaliano.

2. Picha kubwa ya juu: kwenye simu yangu nasubiri kama sekunde 12 ndipo itokee, na muda wote huo naona weupe mtupu. Sijui tatizo ni nini, nakuachia wewe. Ninachotaka ni mteja aone kitenge bila kungoja.

3. Maandishi meupe yaliyo juu ya kitenge cha njano hayasomeki nikiwa nje juani. Nimeambatanisha picha ya skrini na nimeizungushia duara sehemu yenyewe.

4. Chini ya picha ya juu naomba yawekwe maneno haya kama yalivyo: “Kitenge yadi 6 kuanzia Sh 25,000. Dar es Salaam tunaleta kwa bodaboda, mikoani tunatuma kwa basi.”

Matangazo yetu yanaanza Jumamosi tarehe 15. Kama muda hautoshi, tafadhali namba 1 na 2 zitangulie. Na kama kuna lililo nje ya makubaliano yetu, naomba unijulishe gharama kabla hujaanza. Ahsante, kaka, kazi njema.

Nguvu ya barua hii iko kwenye jinsi ilivyogawa kazi. Katika jambo la kwanza hadi la tatu, mama ameeleza alichokiona, mahali alipokiona na kifaa alichotumia, halafu tiba amemwachia fundi. Katika la nne amefanya kinyume chake, ametoa maneno kamili, kwa kuwa bei na utaratibu wa kutuma mizigo anavijua yeye. Dizaina akiachiwa abuni maneno hayo ataandika kitu cha jumla kama “bei nafuu, huduma bora”, na mteja wa Mbeya hatajua bado kama mzigo utamfikia.

Kile kitufe ni mfano mzuri wa faida ya kueleza dalili. Kiungo cha WhatsApp hutaka namba iandikwe kwa mtindo wa kimataifa: 255, kisha tarakimu zinazofuata ile sifuri ya mwanzo, bila alama ya kujumlisha wala vistari. Kinatakiwa kuonekana hivi:

```
https://wa.me/2557XXXXXXXX
```

Ikiwekwa namba inayoanzia 07, kama tunavyozoea kuiandika kwenye vibao vya maduka, kiungo hakifiki popote. Mwenye duka hana haja ya kuyajua hayo. Akisema “naambiwa namba si sahihi”, dizaina anajua mara moja pa kuangalia. Angesema “kitufe kibovu, weka kingine”, huenda angeletewa kitufe kipya chenye rangi nzuri na kiungo kile kile.

Picha nayo vivyo hivyo. Picha iliyopigwa kwa simu ya siku hizi inaweza kuwa na upana wa pikseli 4,000 na uzito wa megabaiti kadhaa, ilhali skrini ya mteja haihitaji zote hizo. Ikipunguzwa hadi pikseli 1,200 na kuhifadhiwa kwa muundo wa WebP, mara nyingi hushuka chini ya nusu megabaiti. Lakini kitenge kina nakshi ndogo ndogo, na picha ikibanwa kupita kiasi nakshi hizo huvurugika, mteja akadhani kitambaa chenyewe ni hafifu. Ndiyo maana ni busara mama aliomba kasi bila kutaja picha iwe na uzito gani. Kupima nakshi ibaki kiasi gani ni kazi ya jicho la dizaina.

Kuhusu maandishi, kipo kipimo kinachokubalika kimataifa: mwongozo wa WCAG unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Nyeupe juu ya njano haifiki hata karibu. Dizaina anaweza kuweka kivuli cheusi nyuma ya maneno, au kuyahamishia chini ya picha. Kwa mwenye duka, picha moja ya skrini yenye duara inatosha.

Upole nao una mahali pake. Salamu, kumjulia mtu hali na shukrani vinampa dizaina moyo, wala hakuna haja ya kuvifupisha. Shida huanza upole unapoingia ndani ya ombi lenyewe. “Ukipata nafasi” humfanya mtu aliweke jambo kiporo, kwa sababu mwenye kazi nyingi nafasi haipati. Mama ametaja siku na sababu yake, akaongeza kipi kitangulie muda ukibana. Hilo ni la heshima pia, maana linamwokoa kaka wa watu na simu za kuulizwa “vipi, bado?” kila asubuhi.

Afadhali pia yote yakae kwenye barua moja kuliko kutawanywa katika ujumbe wa sauti wa usiku, mmoja wa mama, mwingine wa mumewe, wa tatu wa binti anayetaka rangi ya waridi. Maombi yanayopingana yapatanishwe nyumbani kwanza.

Dizaina atakapojibu kwamba amemaliza, mwenye duka anaweza kufungua ukurasa akaukuta vile vile. Asiwake bado. Mara nyingi kivinjari huwa kimehifadhi nakala ya zamani, kwa hiyo aufungue kwenye dirisha la faragha au kwenye simu nyingine. Kile kitufe cha WhatsApp akijaribu kwa simu ya mtu ambaye hana namba ya duka, kisha atume ujumbe wa kweli na angoje kuuona ukiingia dukani. Katika jibu lake aende kwa namba zile zile za barua ya kwanza: 1 sawa, 2 sawa, 3 bado maneno ya mwisho yanafifia, 4 sawa.