Mhusika Mkuu Anapogeuka Mtazamaji

Kuna rasimu ambazo kikundi cha waandishi huzisoma kikashindwa kusema zina kasoro gani. Lugha ni safi, mandhari yanaonekana, na matukio yamejaa: msiba, ugomvi wa mirathi, nyumba kuuzwa. Hata hivyo wasomaji wanafika mwisho bila kuguswa na yeyote. Mmoja anasema hadithi ni ndefu mno, mwingine anasema ni fupi mno, wa tatu analalamika kwamba mwisho umekuja ghafla. Mara nyingi wote watatu wanasumbuliwa na kasoro ileile ambayo hakuna aliyeitaja: mhusika mkuu hatendi. Mambo yanapita mbele yake, naye anayaangalia.

Maoni kuhusu kasoro hii ni magumu kuyatoa vizuri. Ukimwambia mwandishi kwamba mhusika wake amepooza, ataumia na hatajua aanzie wapi. Maoni yenye manufaa humwonyesha mahali penyewe, ukurasa kwa ukurasa. Ili tuone namna ya kufanya hivyo, tuchukue rasimu moja ya kubuni yenye kurasa 12.

Neema ana miaka 19 na anasoma chuo cha ualimu. Anarudi Morogoro kumzika baba yake. Baada ya arobaini kinaitishwa kikao cha ukoo, na baba yake mdogo, ambaye ndiye anayemlipia ada, anapendekezwa kuwa msimamizi wa mirathi. Miezi michache baadaye baba mdogo anauza nyumba, na mama yake Neema anahamia chumba cha kupanga. Katika kurasa mbili za mwisho anatokea mwanasheria, rafiki wa marehemu, akiwa na wosia ambao hakuna aliyeujua. Nyumba inarudi. Neema analia kwa furaha.

Msomaji wa kwanza katika kikundi atahisi kwamba mwanasheria ameshushwa kutoka mbinguni. Ni kweli, lakini huyo si chanzo cha tatizo. Mwandishi amemhitaji mwanasheria kwa sababu kwa kurasa kumi hakuna mtu ndani ya hadithi aliyekuwa akipigania chochote. Ukimfuta mwanasheria tu, hadithi itakosa mwisho, na mwandishi atalazimika kumleta mwokozi mwingine.

Kabla ya kuandika maoni, isome rasimu mara ya pili ukiwa na kalamu ya risasi mkononi. Fanya jaribio la kwanza: mwondoe Neema kabisa, kisha jiulize ni tukio gani lingebadilika. Baba angekufa. Kikao kingekaa. Nyumba ingeuzwa, na mwanasheria angekuja na wosia wake. Hadithi nzima ingesimama bila yeye. Kingekosekana kilio chake tu. Jaribio hili linachukua dakika chache, na jibu lake mwandishi hawezi kulibishia, kwa kuwa limetoka katika kurasa zake mwenyewe.

Jaribio la pili ni la vitenzi. Pigia mstari kila kitenzi ambacho Neema ndiye mtenda. Katika rasimu hii utakuta alisikia, aliona, alishangaa, alikumbuka, aliumia, alilia. Hivyo ni vitenzi vya hisi na hisia, na hadithi inavihitaji. Kasoro ni kwamba hakuna vya aina nyingine. Utatafuta aliomba, alikataa, alificha, alidanganya, aliahidi, usivione. Hapa pana mtego kwa mchambuzi. Wengine huwinda kauli ya kutendwa, wakazungushia duara kila aliitwa na kila alipewa, kana kwamba sarufi ndiyo yenye makosa. Mtu anaweza kuitwa, akapewa kalamu, akaambiwa atie sahihi, kisha akakataa. Vitenzi vitatu vya kutendwa vimemfikisha kwenye tendo moja zito. Kinachopimwa ni uamuzi wake, wala si umbo la sentensi.

Mwandishi akisikia haya, kwa kawaida hujitetea hivi: Neema ni binti mdogo katika ukoo unaoongozwa na wazee, hana fedha, hana sauti, angefanya nini? Utetezi huu unastahili jibu la heshima, maana umebeba ukweli wa maisha. Lakini kukosa uwezo ni jambo moja, na kutotenda ni jambo jingine. Katika ngano zetu Sungura ni mnyonge mbele ya simba na fisi, na hadithi inakwenda anakotaka yeye. Karama katika Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951, ni mshtakiwa aliyesimamishwa mbele ya mfalme, na maisha yake yamo mikononi mwa wengine. Anaomba nafasi ya kujitetea, na utetezi wake unageuka mashtaka dhidi ya nchi yenyewe. Yasmin katika Vuta N'kuvute cha Adam Shafi anaozwa kwa mwanamume mwenye umri mkubwa kuliko wake bila kuulizwa. Anamkimbia. Jamaa zake wanamkataa, anapata hifadhi kwa rafiki yake Mwajuma, na maisha yake yanashika njia nyingine kabisa. Wahusika hawa hawana nguvu, ila wana jambo wanalolitaka, na hatua wanayoichukua inawagharimu.

Sasa rudi kwenye rasimu ya Neema kutafuta mahali ambapo angeweza kutenda. Mahali hapo kwa kawaida pamo tayari, ila mwandishi amepita mbio. Kwenye ukurasa wa 4, katikati ya kikao, pana sentensi moja: kwa kuwa mwandiko wake ni mzuri, Neema anaambiwa aandike muhtasari. Kisha hadithi inaendelea kueleza sura za wajomba na harufu ya pilau.

Sentensi hiyo ina uzito ambao mwandishi hakuutumia. Muhtasari wa kikao cha ukoo ndio unaopelekwa Mahakama ya Mwanzo pamoja na maombi ya kumteua msimamizi wa mirathi. Unaeleza nani alihudhuria, nani alipendekezwa, na kama wanafamilia waliridhia. Kwa hiyo katika chumba kizima kilichojaa wazee, kalamu imeshikwa na mtu ambaye rasimu inadai hana uwezo wowote. Baba mdogo anaposema, "Andika kwamba wote tumekubaliana," na mama yake amekaa kwenye mkeka hajaulizwa neno, Neema anaandika nini?

Kila jibu linazaa hadithi. Akiandika kwamba mjane hakuulizwa, atakuwa amempinga mtu anayemlipia ada mbele ya ukoo mzima. Akiandika kwamba wote wameridhia, mkono wake umeshiriki kumtoa mama yake nyumbani, na siku nyumba itakapouzwa atalijua hilo kuliko mtu mwingine yeyote. Akiuliza kwa sauti ya upole, "Baba Mdogo, niandike kwamba na Mama amekubali?" atakuwa amevunja ukimya bila kuvunja adabu, na wote watalazimika kumgeukia mama. Hakuna jibu linalomgeuza shujaa wa sinema, na katika yote matatu kinachofuata kimetokana na yeye.

Hapo ndipo pa kuandika maoni. Yanaweza kuwa mafupi hivi: "Ukurasa wa 4 Neema anapewa muhtasari auandike. Nilikaa wima, nikitaka kujua ataandika nini, lakini sikuambiwa. Tangu hapo mpaka ukurasa wa 10 sikuona jambo lililobadilika kwa sababu yake, na nadhani ndiyo maana mwanasheria amenishtua. Neema anataka nini katika kikao hiki, na anaogopa kupoteza nini?" Maoni haya yametaja ukurasa, yameeleza msomaji alihisi nini, yameunganisha kasoro ya mwisho na chanzo chake, na yamefunga kwa maswali mawili ambayo mwenye jibu ni mwandishi. Hayakumwambia Neema aandike nini. Yale majibu matatu mchambuzi ayaweke moyoni kama uthibitisho kwamba mlango upo; akiyamwaga mezani, mwandishi atachagua mojawapo, na hadithi itakuwa ya mchambuzi.

Yafaa pia kumsaidia mwandishi ajue kwa nini ilitokea hivyo. Sababu moja hujirudia sana katika hadithi za dhuluma: mwandishi anampenda mhusika wake na hataki achafuke. Anaona kwamba akimpa Neema uamuzi, atampa pia sehemu ya lawama, na msomaji ataacha kumhurumia. Kwa kweli huruma ya msomaji huongezeka pale anapomwona mtu akichagua katika hali isiyo na chaguo jema. Neema aliyeandika uongo kwa hofu ya kukosa ada anaeleweka na anauma moyo zaidi ya Neema aliyekaa kando akiwa msafi.

Rasimu ya pili nayo ina hatari yake. Mwandishi aliyeambiwa kwamba mhusika hatendi mara nyingi huongeza purukushani. Neema sasa anapiga kelele kikaoni, anakimbilia mahakamani kwenye mvua, anamzaba kofi baba mdogo. Kurasa zimechangamka, lakini rudia jaribio la kwanza: ondoa kelele, mbio na kofi, uone kama nyumba haitauzwa palepale na siku ileile. Kama itauzwa, bado anatazama, ila sasa anatazama huku akikimbia. Njia ya kugundua ni kuangalia kinachounganisha tukio na tukio. Ukisimulia hadithi kwa ufupi na kila kiungo kikawa "halafu", matukio yamepangwa foleni tu. Ukiweza kusema "aliandika uongo, kwa hiyo baba mdogo akamwamini na kumpa nyaraka azihifadhi, lakini ndani yake akakuta mkataba wa mauzo", basi tendo moja limezaa jingine, na Neema yumo ndani ya mnyororo huo.

Kikundi kisigeuze jambo hili kuwa amri. Zipo hadithi ambazo kutotenda kwa mhusika ndiko kiini chake: mtu anayenyamaza wakati neno lake moja lingemwokoa mwenzake, au mfanyakazi anayekataa kufanya lolote mpaka ofisi nzima ivurugike. Tofauti inaonekana kwenye ukurasa. Katika hadithi kama hiyo nafasi ya kutenda inawekwa wazi, msomaji anaiona, mhusika anaiona, kisha anaiacha ipite na gharama yake inamrudia. Katika rasimu ya Neema nafasi ilipita bila hata yeye kuiona. Kwa hiyo kabla hujamwambia mwandishi abadilishe, muulize kama ukimya wa mhusika ni wa makusudi. Akisema ndiyo, maoni yako yageuke: aupe ukurasa wa 4 nafasi ya kutosha ili tumwone Neema ameshika kalamu, anajua ukweli, na anaandika anachoambiwa. Akisema hapana, ukurasa ni huohuo na kazi inaanzia palepale. Mwanasheria na wosia wake wasubiri mpaka kikao hicho kiandikwe upya, kwa sababu huenda baada ya hapo hadithi isiwahitaji tena.