Flaiwili Hupasuka kwa Kasi, Si kwa Wembamba

Tazama injini ya dizeli ya mashine ya kusaga, yenye flaiwili ya chuma cha kumimina, kipenyo sentimita 60, ikizunguka mara 650 kwa dakika. Ukingo wake unakimbia mita 20 hivi kwa sekunde. Kila kipande cha ukingo kinataka kwenda moja kwa moja. Majirani zake wanakivuta kibaki kwenye duara. Mvutano huo ndio mkazo wa ukingo:

σ = ρv²

Unene haumo. Ukiongeza chuma unaongeza nguvu, lakini pia mzigo wa kuvutwa, kwa kiwango kilekile. Kwa uzito wa kilo 7,200 kwa mita ya ujazo, mkazo ni kama megapaskali 3. Gavana ikikwama na kasi ikawa maradufu, mkazo unakuwa mara nne.

Chuma kizima kingehimili zaidi ya megapaskali 100. Hata hivyo mafundi wa zamani waliishia mita 30 kwa sekunde, hapa kama mizunguko 950, maana mapovu ya kalibu na spoki hukusanya mkazo mahali pamoja. Injini ikiwa imezimwa, gonga ukingo kwa nyundo ndogo: mlio mfu huashiria ufa.